"Kesho kuna kikao" haitoshi: namna tunavyozungusha ajenda ya kusoma hapa Mantapala

Tangu tuposti ile picha ya daftari letu la ajenda, watu wengi wametuandikia wakiuliza: lile daftari ni la nini, na nyie mnafanyaje mpaka watu wanakuja? Tumeona tuandike yote mara moja, polepole, ili mwenye kikundi aweze kuchukua kinachomfaa.

Kwa ambao hawatujui: sisi ni watu wanane tunaojiandaa kwa mtihani wa Gredi 12, ule wa Baraza la Mitihani la Zambia, ECZ. Karibu wote tulivuka kutoka upande wa Haut-Katanga na Tanganyika, kwenye ile mikimbio iliyoanza 2017. Tukapita Kenani, na baada ya makazi ya Mantapala kufunguliwa mwanzoni mwa 2018 tukaletwa huku. Tulianza shule kwa Kifaransa, sasa tunaandika mtihani kwa Kiingereza, na tukiwa wenyewe tunaelezana kwa Kiswahili na Kibemba. Sita kati yetu wako hapa makazini. Wawili wanalala Kashikishi, kule ziwani Mweru, juu ya biashara ya chisense, wale samaki wadogo wa kukausha. Tunasoma masomo manne pamoja: Hisabati, Kiingereza, Baiolojia na Uraia. Tunakutana mara mbili kwa juma.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Vikundi vingi vya kusoma vinakufa mapema, na mara nyingi watu wanasema ni uvivu. Sisi tuliyoyaona ni tofauti. Mesaji ikisema "kesho kuna kikao, tusikose", kila mmoja anaisoma halafu anapima: je, nikikosa kuna kitu kitaharibika? Jibu ni hapana, wengine watakuwepo. Basi mwenye nguo za kufua anafua, mwenye foleni ya maji anabaki kwenye foleni. Wanakuja watatu, wanakaa nusu saa wakisubiri wengine, halafu wanaanza kuulizana "leo tunasoma nini?" Kufikia hapo nusu ya muda imekwisha. Kikao kinachofuata wanakuja wawili.

Mesaji inayoleta watu inabeba ajenda ndani yake: tutasoma nini, maswali mangapi, kwa dakika ngapi, na nani anasubiriwa na jibu gani. Kama jina lako liko pale, ukikosa kuna kitu kitakwama na wote wataona kimekwama kwa nani. Ndiyo maana kwetu ukumbusho na ajenda ni kitu kimoja. Kikao kisicho na ajenda hakitumiwi ukumbusho, na ajenda isiyofika kwa watu siku moja kabla hatuihesabu kuwa ajenda.

Daftari letu ni la kawaida, la kurasa 96. Kila kikao kina nusu ukurasa, na nusu ukurasa huo una mistari minne tu.

Mstari wa kwanza ni deni: swali lililobaki kikao kilichopita, na jina la aliyeahidi kuleta jibu. Mstari wa pili ni mada ya leo, moja tu. Mstari wa tatu ni mazoezi: maswali gani kutoka karatasi za mitihani iliyopita, na dakika ngapi. Mstari wa nne ni kesho yake: nani anashika daftari baada ya hapa, na somo lipi.

Tulishawishika kuongeza mstari wa tano na wa sita, matangazo, michango, na kadhalika. Tukakataa. Ajenda ikizidi mistari minne haiingii kwenye mesaji moja, na jambo la mesaji moja tutalieleza chini.

Mwenye daftari anaitwa mshika ajenda. Kazi yake ni kuchagua maswali, kutuma ukumbusho, kuanzisha kikao na kuangalia saa. Kufundisha si kazi yake. Hili tunalirudia kila mara, kwa sababu mtu akisikia "zamu yako ya Hisabati" anaogopa, anadhani atasimama mbele kama mwalimu. Hapana. Tena mtu dhaifu katika somo ndiye mshika ajenda mzuri wa somo hilo, kwa sababu anachagua yale maswali yanayomshinda kweli. Aliye hodari anachagua maswali mazuri ya kuonyesha, na sisi wengine tunakaa tukimtazama akiandika ubaoni.

Hapo ndipo hesabu ya zamu inapoingia, na wengi hawaiangalii. Sisi tuko wanane, masomo ni manne. Ukiandika majina kwa mpangilio na masomo kwa mpangilio, halafu ukaviacha vizunguke, mtu wa kwanza anapata Hisabati kikao cha kwanza. Zamu yake nyingine ni kikao cha tisa. Kikao cha tisa ni somo gani? Vinane vimepita, masomo yamezunguka mara mbili kamili, tumerudi Hisabati. Kikao cha 17, Hisabati tena. Yani mtu wa kwanza na wa tano watashika Hisabati mpaka mwisho wa dunia, na wa pili na wa sita hawatatoka kwenye Kiingereza. Kwa macho zamu inazunguka, lakini mtu anayekimbia Hisabati amepata maficho ya kudumu.

Dawa ni rahisi. Kila mzunguko wa watu wanane ukiisha, tunaruka somo moja. Mzunguko wa kwanza unaanzia Hisabati, wa pili unaanzia Kiingereza, wa tatu Baiolojia, wa nne Uraia. Kwa vikao 32 kila mtu amepita masomo yote manne. Kwa vikao viwili kwa juma, hiyo ni majuma 16, karibu miezi minne. Ukijua hivyo unahesabu kutoka mwezi wa mtihani kurudi nyuma na unajua uanze lini. Mtihani wa Gredi 12 huwa Oktoba na Novemba, kwa hiyo anayetaka mizunguko yote minne akiacha kuanza mpaka Julai tayari amebanwa.

Kama kikundi chenu ni watu saba na masomo manne, hamna haja ya kuruka, yanajizungusha yenyewe, kwa sababu saba na nne hazigawanyiki kwa namba moja zaidi ya moja. Mkiwa sita, angalieni: mtu wa kwanza atapata Hisabati, halafu Baiolojia, halafu Hisabati tena, na Kiingereza hatakigusa. Kwa hiyo kila mtu akijiunga au akiondoka, hesabuni upya kabla ya kuandika majina.

Sasa ukumbusho wenyewe. Hapa makazini watu wana simu za aina mbili. Wachache wana simu za wasap, wengi wana kitochi. Hata mwenye wasap mara nyingi hana bando, na mtandao sehemu nyingine ni wa kutafuta ukisimama mahali fulani. Mesaji ya kawaida inahitaji mtandao kidogo sana. Simu ikiwa imezimwa, mesaji inasubiri kwenye mitambo ya kampuni na kuingia simu ikiwashwa, ingawa haisubiri siku nyingi. Basi tulikubaliana: ukumbusho rasmi ni mesaji ya kawaida. Wasap ni ya kutuma picha ya ukurasa wa daftari, kwa wanaoweza kuifungua.

Mesaji moja ya kawaida inabeba herufi 160, ukihesabu na nafasi. Ukizidisha, inakatwa vipande, kila kipande kinalipiwa, na vipande vinaweza kufika kwa kupishana. Kiswahili kinakaa vizuri humo. Lakini kuna mtego. Ukiweka alama moja tu ambayo haimo kwenye orodha ya zamani ya herufi za simu, mesaji nzima inabadilishwa namna ya kuandikwa, na nafasi inashuka kutoka 160 mpaka 70. Kidole gumba cha rangi kinafanya hivyo. Herufi ê ya Kifaransa inafanya hivyo, wakati é haileti shida. Na ile alama ya juu iliyopinda, ambayo simu nyingine zinaiweka zenyewe ukiandika ng'ombe, nayo inafanya hivyo. Ile iliyonyooka haina neno. Utajuaje? Ukiwa unaandika, simu nyingi zinaonyesha namba pembeni zinazopungua. Ukiona zimeshuka ghafla kama zimedondoka, tafuta alama uliyoweka mwisho na uifute. Mshika ajenda anayetuma kwa wenzake, mesaji ikikatika vipande viwili, inite zake zinaliwa mara mbili bila kujua kwa nini.

Hii ni moja ya mesaji zetu, kama ilivyotumwa:

```
KESHO Jumamosi 14:00 mwembeni. Hisabati: gradienti. Maswali 2 ya P1, dk 30, bila kalkuleta. Dada wa Bloku C analeta jibu la K1,250. Jibu 1 nakuja, 2 siji
```

Ni herufi 153. Tuipitie kipande kwa kipande.

"KESHO Jumamosi": vyote viwili vimeandikwa, kwa sababu mesaji inaweza kuingia kesho yenyewe baada ya simu kuchajishwa, na "kesho" peke yake ingempeleka mtu Jumapili.

"14:00": hapa tunaomba mtusikilize sana. Kwenye kikundi chetu tuko na saa mbili tofauti. Wanaotoka upande wa Kalemie na Moba, wengi wakisema saa nane mchana ni ile saa ya Kiswahili, nane baada ya jua kuchomoza. Wengine waliosoma na kukulia mjini upande wa Lubumbashi wanahesabu kama Kifaransa, na saa nane kwao ni asubuhi, watoto wanaingia shuleni. Wazambia nao wanasema "saa kumi na nne" na ndivyo ratiba ya mtihani inavyoandikwa. Mtu anaweza kufika mwembeni asubuhi, akakaa peke yake, akaondoka na hasira, na wote wawili wakawa sahihi. Tangu tuandike namba nne, 14:00, jambo hilo liliisha. Tena linafundisha macho kuisoma ratiba ya ECZ, maana siku ya mtihani hakuna wa kukuuliza ulikuwa unahesabu saa ya wapi.

"Bila kalkuleta": karatasi ya kwanza ya Hisabati haina kalkuleta, ya pili inayo. Anayefanya mazoezi ya karatasi ya kwanza huku simu iko mkononi anajidanganya. Tukiandika kwenye ukumbusho, watu wanakuja wakijua simu zitakaa kwenye ndoo.

"Jibu 1 nakuja, 2 siji": namba moja inatosha, haichoshi. Mshika ajenda anaandika majibu pembeni ya ukurasa. Akipata tano, anajua kikao kipo. Asiyejibu kabisa ndiye anayefuatwa asubuhi, si kila mtu. Tulikuwa tukiwakumbusha wote mara tatu, na watu wakaanza kuzizoea mesaji zetu kama kelele. Sasa ni moja jioni saa 18:00, wakati simu zinarudi kutoka kuchajishwa kwa sola, na asubuhi wanaguswa wale tu waliokaa kimya.

Wawili kati yetu hawana simu kabisa. Hao hawaachiwi "mtu atawaambia". Mtu akisema "mtu atamwambia", ujue hakuna atakayemwambia. Kwenye jalada la daftari tumeandika: fulani anampelekea fulani, wanakutana bombani asubuhi. Anayepeleka neno ndiye anayejibu 1 au 2 kwa ajili yake. Kwa hiyo mshika ajenda anasubiri majibu saba, si matano.

Na mshika ajenda akiumwa? Sheria ni hii: ikifika 18:30 na ukumbusho haujaingia, anayefuata kwenye orodha anautuma bila kuomba ruhusa. Anaweza kwa sababu mwisho wa kila kikao yeye anaondoka na nakala ya mistari minne, kwa picha au kwa kalamu. Daftari linaweza kubaki kwa mgonjwa, ajenda haibaki.

Sasa turudi kwenye ile K1,250 iliyo kwenye mesaji, maana hapo ndipo tulipoona mstari wa deni unafanya kazi gani.

Yule dada wa Bloku C ana mtoto mdogo na anataka kusoma unesi. Kwa unesi hapa Zambia wanaangalia krediti, na Hisabati imo pamoja na Kiingereza na sayansi. Alikuwa ameanza kusema ataiacha Hisabati, abaki na masomo mengine. Alisema anafanya hesabu vizuri nyumbani, akilinganisha na majibu anakuta kakosa, na haoni wapi. Mtu akifika hapo, kumwambia ajitahidi ni bure. Anajitahidi tayari.

Ikawa zamu yake kushika ajenda, na mzunguko ule somo lake lilikuwa Hisabati. Akachagua swali la punguzo la bei, la aina hii: kitu kinauzwa K1,250, mnunuzi anapunguziwa asilimia 12, analipa kiasi gani? Yeye alikuwa amepata 1,10. Kitabu kinasema 1,100. Tukamwomba aandike hatua zake ubaoni. Asilimia 12 ya 1,25 ni 0,15. Toa, inabaki 1,10. Kila hatua ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kabla ya hatua ya kwanza: aliisoma K1,250 kama kwacha moja na robo.

Wenye kusoma Kifaransa mnajua. Kule koma inatenga sehemu ndogo ya namba: 1,25 ni moja na robo. Huku koma inatenga maelfu, na sehemu ndogo inatengwa na nukta: 1.25. Yani alama zimebadilishana kazi. Tena nukta yenyewe, kwa tulivyozoea kule, katikati ya namba mbili ilikuwa kuzidisha. Mtu akiona 3.5 kwenye karatasi ya Kiingereza anaweza kuandika 15 na kuendelea kwa amani. Ubaya wa jambo hili ni kwamba hesabu haigomi. Punguzo linatoka, jibu linakaa vizuri, asilimia ni ileile. Hakuna kitu kinachokuambia simama. Mwalimu anayesahihisha naye anaona jibu baya, anaweka alama ya kosa na kwenda, hajui kwamba mwanafunzi anajua asilimia kuliko wengine darasani.

Siku ile muda uliisha kabla hatujamaliza kutafuta namba nyingine za namna hiyo. Ndipo likaandikwa kwenye mstari wa deni na jina lake: alete orodha ya alama zote zinazosomwa tofauti. Na ndiyo ile mesaji mliyoisoma hapo juu. Jumamosi alikuja na mtoto mgongoni na orodha ya mambo sita. Koma na nukta. Mteremko wa mstari, ambao kule tuliuita panti na huku ni gradienti. Namna ya kupanga kugawanya, ambako namba inayogawa inakaa upande mwingine. Kifupi cha tangenti, kule tg, huku tan. Na mengine mawili. Tukalijaribu neno la gradienti palepale: mstari unapita (2, 3) na (6, 11), kimo kimepanda 8, upana umeenda 4, gradienti ni 2. Watatu wetu walikuwa wanajua kuifanya siku zote, hawakujua tu kwamba ndiyo inaulizwa.

Hajaiacha Hisabati. Matokeo hatuyajui, mtihani bado. Lakini orodha ile sasa imebandikwa ndani ya jalada la daftari, na kila mgeni anayetoka shule ya Kifaransa anaanzia hapo.

Tunasema haya ili muone kwa nini deni linakaa mstari wa kwanza. Swali lililobaki likiachwa mwisho wa kikao, linaondoka na watu. Likiandikwa na jina, likatumwa kwenye ukumbusho, mwenyewe analitafutia jibu kati ya kikao na kikao, na huo ndio muda mrefu kuliko kikao chenyewe.

Jambo la mwisho ni tarehe, na hapa tunazungumza zaidi na wenzetu wa Kashikishi, Nchelenge boma na visiwani Kilwa na Chisenga. Chisense anavuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi usiku ukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa, samaki hawakusanyiki kwenye mwanga, na watu wengi wanapumzika. Kwa hiyo wale wenzetu wawili, siku za giza wanakesha wakisubiri mitumbwi, asubuhi wanaanika, mchana wanalala. Ukiwaitia kikao siku hizo watakujibu 2, na si kwa kupenda. Siku za mwezi mpevu wako huru karibu juma zima.

Tulipokuwa tunapanga Jumatano na Jumamosi bila kuangalia juu, mahudhurio yao yalikuwa yanapanda na kushuka, na tukawa karibu kuwatoa kwenye orodha. Mmoja wao ndiye aliyechora duara dogo la mwezi kwenye kalenda ya daftari. Sasa karatasi nzima ya mtihani, ile ya kukaa saa mbili na zaidi, tunaiweka juma la mwezi mpevu, na wao wanakuja makazini kwa siku ile. Siku za giza tunafanya vikao vifupi, na wao wanapata mistari minne kwa mesaji, wanajibu "2" pamoja na jibu la deni lao kama wanalo. Zamu zao za kushika ajenda hatuziweki kwenye giza. Tukilazimika, wanabadilishana na mtu mmoja, na inaandikwa.

Siku ya mgao hapa makazini nayo tunaikwepa, kwa sababu foleni haijui kikao. Na tunajua kwamba kuanzia 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi wa Mweru unafungwa. Mtihani wa Oktoba haunufaiki na hilo, lakini kikundi kipya cha watu wa ziwani kikianza Desemba kinapata miezi mitatu ambayo wengi wana usiku wa kulala.

Namna ya kujua kama mpango wenu unakwenda: kila vikao vinne, hesabuni vitu viwili tu. Kwanza, wangapi walijibu kabla ya kikao, 1 au 2, vyote vinahesabika. Pili, madeni mangapi yalilipwa. Majibu yakipungua, tatizo liko kwenye ukumbusho: saa mbaya, mesaji ndefu, au simu ya mtu imebadilika. Majibu yakiwa mengi lakini madeni hayalipwi, tatizo liko kwenye ajenda: maswali makubwa mno, au deni limeandikwa bila jina. Msichanganye, maana dawa ni tofauti.

Tuna mipaka yetu pia. Zamu haileti vitabu. Karatasi za mitihani iliyopita tunazo chache, nyingine zimekatika kurasa, na Baiolojia kuna michoro ambayo nakala imekuwa nyeusi. Pia hakuna kati yetu anayeweza kusahihisha insha ya Kiingereza kwa uhakika, tunapelekea mwalimu mmoja anayejitolea, na yeye ana muda wake. Ajenda inaweza kuandika "insha kwa mwalimu Alhamisi", haiwezi kumtengenezea mwalimu muda.

Kikao chetu kijacho ni Kiingereza, muhtasari wa habari. Anayetaka tumpe mfano wa jedwali la watu sita, saba au wanane, atuandikie hapa chini aseme wako wangapi na masomo mangapi, tutalichora kwenye karatasi na kupiga picha. Na mwenye karatasi ya Baiolojia ambayo michoro yake inaonekana, tafadhali asikae nayo.

Sisi vijana wa mwembeni, Mantapala.